Mkaguzi wa Ndani Anapoombwa Ushauri

Kuna sentensi moja ambayo wakaguzi wa ndani wengi wameisikia kwenye vikao vya kujibu hoja: "Lakini mkaguzi wetu alikuwepo tangu mwanzo." Husemwa pale mfumo mpya wa mapato unapogundulika kuwa unavujisha fedha, au ghala lililopangwa upya linapokutwa na upungufu. Anayeisema hadanganyi. Mkaguzi kweli alikaa kwenye kamati, akatoa mawazo, pengine akashukuriwa mbele ya wote. Sasa uwepo wake umekuwa ngao ya menejimenti, na akitumwa kwenda kukagua kilichoharibika, atakuwa anakagua mawazo yake mwenyewe.

Wapo wanaosema dawa ni mkaguzi akatae kushauri kabisa. Taaluma yenyewe haikubali hilo. Taasisi ya Wakaguzi wa Ndani, chama cha kimataifa kilichoanzishwa New York mwaka 1941, ilipitisha mwaka 1999 maelezo mapya ya kazi hii, yanayotaja sehemu mbili waziwazi: kutoa uhakikisho na kutoa ushauri. Viwango vya Kimataifa vya Ukaguzi wa Ndani vilivyoanza kutumika tarehe 9 Januari 2025 vimeziacha sehemu hizo zote mbili. Mkaguzi huona idara zote, husoma mikataba na hati za malipo za kila kona, na hujua wizi ulipitia mlango gani mwaka juzi. Kumnyamazisha wakati mfumo mpya unasukwa, kisha kumwita ukishaharibika, ni hasara kwa taasisi.

Linalobaki ni namna. Mkaguzi anaweza kushauri mwezi huu na bado akaaminiwa mwakani, ikiwa mambo mawili yatalindwa: uamuzi ubaki kwa menejimenti kwa maandishi, na jicho litakalokagua baadaye lisiwe la yule aliyeshauri. Ni rahisi kuyataja. Kuyatekeleza kunadai taratibu ndogondogo ambazo ofisi nyingi huziruka.

Watu watatu, watu wawili

Tofauti ya kazi hizi mbili inaonekana vizuri ukihesabu wahusika. Kwenye uhakikisho wako watatu. Wa kwanza ni mwenye shughuli inayokaguliwa, tuseme mkuu wa ghala. Wa pili ni mkaguzi. Wa tatu ni yule anayeisubiri taarifa ili aitegemee: bodi, kamati ya ukaguzi au mkuu wa taasisi. Huyu wa tatu hakuwepo ghalani wala hawezi kuhesabu magunia mwenyewe, hivyo anaazima macho ya mkaguzi. Kwa sababu hiyo mkaguzi ndiye anayepanga akague nini, kwa kina gani na kwa ushahidi upi. Mkuu wa ghala anasikilizwa, lakini hana mamlaka ya kusema chumba fulani kisifunguliwe. Mwishoni mkaguzi anatoa hitimisho: udhibiti unafanya kazi, au haufanyi, na huu hapa ushahidi.

Kwenye ushauri wako wawili tu: anayeomba na anayeombwa. Mkuu wa ghala anakuja mwenyewe kusema kwamba anataka kubadilisha utaratibu wa kupokea mizigo, akaomba mkaguzi autazame. Wanakubaliana mipaka ya kazi pamoja. Inaweza kuwa kutoa maoni juu ya rasimu, kuendesha kikao cha kuorodhesha vihatarishi, au kuwafundisha watunza stoo. Mkaguzi hatoi hitimisho kwamba utaratibu uko salama, kwa kuwa hajaupima ukifanya kazi. Anasema anachokiona, na mwombaji yuko huru kukichukua au kukiacha.

Hatari inazaliwa hapo hapo. Kwenye ushauri mkaguzi anafanya kazi bega kwa bega na mtu ambaye kesho atapaswa kumkagua. Mazoea yanajengeka. Na zaidi ya mazoea kuna jambo zito kuliko yote katika suala hili, nalo ni mtu kupima kazi aliyoshiriki kuitengeneza. Mwalimu aliyemsaidia mwanafunzi kuandika insha, kisha akapewa aisahihishe, anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado asilione kosa, kwa sababu sentensi zile zinamwingia akilini kama zake.

Ndiyo maana wanataaluma hutenganisha uhuru na kutoegemea upande. Uhuru ni jambo la muundo: mkuu wa ukaguzi anawajibika kwa nani, nani anaidhinisha bajeti yake, nani anaweza kumwondoa. Kutoegemea upande ni hali ya akili ya mkaguzi mmoja mmoja anapoutazama ushahidi. Taasisi inaweza kuwa na kitengo cha ukaguzi chenye uhuru wote kwenye makaratasi, kinachoripoti moja kwa moja kwa bodi, na bado mkaguzi aliyetumwa akawa haoni sawasawa kwa sababu anakagua kitu alichokishauri. Tiba ya la kwanza haitibu la pili.

Dunia ililipa gharama kubwa kulijua hili. Kampuni ya nishati ya Enron ya Marekani ilimlipa mkaguzi wake wa nje, Arthur Andersen, kiasi cha dola milioni 25 kwa ukaguzi wa mwaka 2000, na kiasi cha dola milioni 27 kwa kazi nyingine, ushauri ukiwemo. Kabla ya hapo, Andersen ilikuwa imechukua pia kazi za ukaguzi wa ndani za kampuni hiyo hiyo. Enron iliomba kinga ya mufilisi Desemba 2001, na mwaka uliofuata sheria ya Sarbanes-Oxley ikawapiga marufuku wakaguzi wa nje wa makampuni yanayouza hisa kwa umma nchini humo kuwafanyia wateja hao kazi za ukaguzi wa ndani na aina nyingine kadhaa za huduma. Mkaguzi wa nje aliwekewa marufuku. Mkaguzi wa ndani aliachiwa milango yote miwili, kwa sharti kwamba ailinde.

Kitufe cha marekebisho ya ankara

Tuchukue mfano wa kubuni, wa mamlaka ya maji katika mji wa ukubwa wa kati, yenye wateja elfu arobaini na kitengo cha ukaguzi wa ndani chenye watu watatu. Mamlaka inaleta mfumo mpya wa ankara. Wasoma mita watapita mitaani na simu, wataingiza usomaji hapo hapo, mteja atapata ujumbe wenye deni na namba ya kumbukumbu ya malipo.

Mahali penye hatari kubwa katika mfumo wa namna hii ni penye marekebisho ya ankara. Marekebisho ni ya lazima. Msoma mita alikuta mwezi uliopita mita inasoma 402, mwezi huu inasoma 413, ila kidole kikateleza akaingiza 473. Badala ya uniti 11 mteja anadaiwa uniti 71. Kwa bei ya shilingi 1,800 kwa uniti, deni la kweli ni shilingi 19,800, lakini ankara inasema 127,800. Lazima pawepo mtu mwenye uwezo wa kuingia na kupunguza shilingi 108,000. Kitufe hicho hicho kinaweza kumpunguzia deni halali mwenye nyumba ya wageni aliyetoa kitu kidogo. Kwa nje marekebisho haya mawili yanafanana kabisa.

Mkurugenzi Mtendaji anamwita mkuu wa ukaguzi wa ndani. "Mkaguzi, naomba uingie kwenye kamati ya mfumo mpya. Hawa mafundi wa kompyuta hawajui wizi unapoanzia."

"Sawa, Mkurugenzi. Nitaingia. Ila kwanza naomba tuandikiane nitakachofanya na nisichokifanya."

Andiko hilo ni hadidu za rejea, na ukurasa mmoja unatosha. Katika mfano wetu linasema mambo matano. Kazi ni kupitia muundo wa marekebisho ya ankara na kutoa maoni, pamoja na kuwafundisha wasimamizi wa kanda dalili za marekebisho ya udanganyifu. Mkaguzi atahudhuria vikao bila kura. Hatasaini hati ya kuupokea mfumo kutoka kwa mkandarasi, na ndani ya mfumo atapewa ruhusa ya kusoma tu, bila kuingiza wala kuidhinisha chochote. Maamuzi yote ni ya Meneja wa Biashara. Mwisho, mfumo huu upo kwenye mpango wa ukaguzi wa mwakani, na jambo zito litakaloonekana wakati wa ushauri litafikishwa kwa menejimenti ya juu na Kamati ya Ukaguzi ya bodi.

Hilo la mwisho huwashtua mameneja wengi. Wanadhani ushauri ni siri ya watu wawili. Viwango havijengi siri ya namna hiyo: mkaguzi anayekuja kushauri juu ya mfumo mpya akakuta fedha zinapotea kwenye mfumo wa zamani hawezi kukaa kimya kwa sababu tu aliitwa kama mshauri. Ni heri meneja alijue hilo kabla ya kumkaribisha. Nakala ya hadidu inakwenda kwa mwenyekiti wa Kamati ya Ukaguzi, ili siku ya kujibu hoja pasiwe na ubishi wa nani aliahidi nini.

Kikao cha tatu cha kamati ndicho kigumu. Wamekubaliana kwamba marekebisho madogo yataidhinishwa na msimamizi wa kanda, na makubwa yatapanda hadi kwa Meneja wa Biashara. Kikomo kiwe shilingi ngapi? Macho yote yanamgeukia mkaguzi. "Mkaguzi, wewe ndiye mtaalamu. Tuweke ngapi?"

Akijibu kwa tarakimu moja, ameamua. Kumbukumbu za kikao zitaandika kwamba kikomo kilipendekezwa na ukaguzi wa ndani, na kuanzia hapo kikomo ni chake. Akikataa kujibu, amekwenda pale bure. Njia ya katikati ni kuweka mezani chaguzi pamoja na madhara ya kila moja. Amepitia marekebisho ya mwaka uliopita na anasema: kati ya kila marekebisho 100, 70 yalikuwa chini ya shilingi 50,000 na 95 yalikuwa chini ya shilingi 200,000. Mkiweka kikomo cha 50,000, Meneja atapitia marekebisho 30 katika kila 100, kazi itakuwa kubwa na wateja watasubiri. Mkiweka 200,000 atapitia matano tu, foleni itapungua, lakini karibu marekebisho yote yatamalizwa na mtu mmoja kule kwenye kanda. Anaongeza ushauri wa pili: marekebisho yoyote yaambatane na picha ya mita yenye tarehe, na anayeyaandaa asiwe anayeyaidhinisha.

Meneja wa Biashara anachagua 200,000. Sababu yake ni ya kweli, kwa kuwa malalamiko ya wateja yamekuwa mengi. Kumbukumbu zinaandikwa hivyo: chaguzi zilizowekwa mezani, iliyochaguliwa, aliyechagua na kwa nini. Mkaguzi anatunza maandishi yake ya ushauri kwenye jalada, pamoja na takwimu alizotumia. Hakupiga kura, hakusaini, hana nywila ya kuidhinisha. Hadi hapa jambo la kwanza limelindwa.

Miezi minane baadaye

Mfumo umefanya kazi miezi minane, na sasa ni zamu ya ukaguzi wa uhakikisho. Nani aende?

Hapa wengi hukosea kwa kukumbuka kanuni nusu nusu. Viwango vinasema mkaguzi asikague shughuli aliyokuwa na wajibu nayo, na akitoa uhakikisho juu ya shughuli ambayo alikuwa na wajibu nayo ndani ya miezi 12 iliyopita, anahesabiwa moja kwa moja kuwa ameegemea upande. Kanuni hii inamgusa mhasibu aliyehamishiwa ukaguzi mwezi Machi, asipewe malipo ya Aprili kuyakagua. Inamgusa pia mkaguzi aliyekaimu nafasi ya mkuu wa manunuzi. Kwa aliyeshauri tu, bila kuwa na wajibu, hakuna katazo la moja kwa moja la miezi 12. Badala yake mkuu wa ukaguzi anatakiwa athibitishe kwamba aina ya ushauri uliotolewa haiathiri kutoegemea upande, na apange watu kwa namna itakayolinda hilo. Kanuni ya ushauri inaonekana laini, lakini inadai kufikiri zaidi kuliko ile ya kalenda. Mtu anayeshikilia kalenda peke yake atasema miezi 12 ikipita kila kitu ni sawa, hata kama ni yeye aliyechora mfumo mzima.

Katika kitengo chetu cha watu watatu, aliyeshauri ni mkuu mwenyewe. Anampa kazi mkaguzi ambaye hakuingia kwenye kamati hata mara moja. Kunabaki tatizo: rasimu ya taarifa hupitiwa na mkuu, ambaye ni huyo huyo mshauri. Kwa hiyo anamwandikia mwenyekiti wa Kamati ya Ukaguzi, anaeleza alichoshauri, na kuomba kazi hii moja isimamiwe na mkaguzi wa nje ya kitengo, kwa mfano mkuu wa ukaguzi wa mamlaka nyingine ya umma, atakayepitia majalada na kuripoti kwa kamati. Mwenyekiti anakubali.

Mkaguzi kijana anaanza kazi. Anapanga marekebisho yote kwa tarehe, haoni kitu. Kikomo kinaheshimiwa: hakuna msimamizi aliyeidhinisha zaidi ya 200,000. Kisha anayapanga upya kwa namba ya akaunti ya mteja, na hapo picha inabadilika. Akaunti moja ya nyumba ya wageni ilikuwa na deni la shilingi 720,000. Ndani ya wiki nne ilipata marekebisho manne ya shilingi 180,000 kila moja. Deni likaisha bila senti kulipwa. Picha ya mita iliyoambatishwa ni ile ile mara zote nne. Akaunti nyingine kadhaa zina mtindo huo huo, na zote ziko kanda moja.

Kosa la kwanza ni la aliyeidhinisha, na litashughulikiwa kinidhamu na kisheria. Taarifa ya ukaguzi haiwezi kuishia hapo. Muundo wenyewe una pengo: kikomo kiliwekwa kwa kila rekebisho, hakikuwekwa kwa jumla ya marekebisho ya akaunti moja ndani ya kipindi fulani. Ukifungua jalada la ushauri, pengo hilo halimo. Mkuu wa ukaguzi, pamoja na uzoefu wake wote, hakulitaja.

Mwazie sasa mkuu huyo akiwa ndiye msimamizi wa taarifa hii. Hahitaji kuwa mtu mbaya ili sentensi ya "muundo wa udhibiti una upungufu" igeuke kuwa "kulikuwa na uzembe wa utekelezaji kanda namba mbili." Maneno yote mawili yana ukweli ndani yake. La kwanza linalifikia chimbuko na kumgusa yeye, la pili linaishia kwa msimamizi wa kanda. Mtu huchagua la pili akiamini kabisa kwamba ametenda haki. Kwa kuwa msimamizi wa kazi alitoka nje, taarifa inaandika la kwanza, inapendekeza jumla ya marekebisho ya akaunti moja ndani ya miezi 12 iwe na kikomo chake, na inataka mfumo ukatae picha iliyokwisha kutumika. Inaeleza pia, katika aya yake, kwamba ukaguzi wa ndani ulishauri kwenye muundo huu na hatua zilizochukuliwa kulinda usawa wa kazi. Bodi inasoma ikijua kila kitu.

Dalili kwamba mstari umevukwa

Si kila taasisi itakuwa na kumbukumbu safi namna hii, na mara nyingi mstari huvukwa polepole. Dalili zake zinaonekana kwa anayejua pa kutazama.

Dalili ya kwanza iko kwenye saini. Kuna ofisi ambako hati ya malipo haiendi benki mpaka igongwe muhuri wa ukaguzi wa ndani. Inaitwa ukaguzi wa awali na inaonekana kama ulinzi wa ziada. Kwa kweli mkaguzi amekuwa ngazi moja ya kuidhinisha malipo. Mhasibu hulegeza macho kwa kuwa "Ukaguzi wataona," na mwisho wa mwaka hakuna mkaguzi wa ndani aliyebaki safi wa kukagua malipo, maana wote wamegonga muhuri. Ukaguzi wa awali ni kazi halali ya idara ya fedha, ikifanywa na watu wa idara ya fedha. Vivyo hivyo, ukitaka kujua kama mshauri wa mfumo alibaki mshauri, omba orodha ya watumiaji na ruhusa zao. Ikiwa jina la mkaguzi lina ruhusa ya kuidhinisha iliyotolewa "kwa muda" wakati wa majaribio na haijawahi kufutwa, hadidu za rejea zimekwisha kuvunjwa.

Dalili ya pili iko kwenye maneno. Linganisha waraka wa ushauri na mwongozo uliopitishwa na menejimenti. Aya zikifanana neno kwa neno, huenda mkaguzi ndiye aliyeuandika mwongozo, na menejimenti iliweka saini tu. Hili hutokea sana kwenye rejista ya vihatarishi. Mkuu wa taasisi anasema hakuna mwenye ujuzi mwingine, basi mkaguzi aiandae. Taasisi ya Wakaguzi wa Ndani ilitoa waraka mwaka 2004 unaogawa kazi za usimamizi wa vihatarishi katika makundi matatu. Yapo yaliyo kiini cha ukaguzi, kama kutathmini jinsi vihatarishi vinavyosimamiwa. Yapo yanayokubalika pakiwa na kinga, kama kuendesha vikao vya kuvitambua na kuifundisha menejimenti. Na yapo yasiyofaa kabisa: kupanga ni kiasi gani cha hatari taasisi iko tayari kukibeba, kuamua hatua za kukabiliana na hatari, na kuzitekeleza kwa niaba ya menejimenti. Mkaguzi anaweza kushika kalamu ubaoni wakati wakuu wa idara wanazungumza. Asijifungie ofisini akajaza rejista peke yake.

Dalili ya tatu iko kwenye kalenda. Chukua mpango wa mwaka ulioidhinishwa na bodi, ulinganishe na kazi zilizofanyika. Ushauri una sifa ya kuitwa kwa dharura na kushukuriwa papo hapo, wakati uhakikisho haushukuriwi na unaweza kusogezwa. Ikiwa ukaguzi wa mishahara na wa manunuzi umeahirishwa kila robo ya mwaka kwa sababu wakaguzi wako kwenye kamati za miradi, kitengo kimegeuzwa idara ya ushauri bila bodi kuamua hivyo. Siku za ushauri zinapaswa kutengwa tangu mwanzo ndani ya mpango, na zikizidi, bodi ndiyo iamue ni ukaguzi gani usogee.

Palipo na mkaguzi mmoja

Katika halmashauri na taasisi ndogo nyingi, kubadilishana watu haiwezekani kwa kuwa watu hawapo. Mkaguzi ni mmoja au wawili. Kuwaambia watu hawa waige kitengo cha benki kubwa ni kuwasumbua bure.

Kwao mpangilio wa kufikiri unageuka: kabla ya kukubali ushauri, mkaguzi ajiulize nani atakagua jambo hili baadaye. Yakiwepo majibu, kwa mfano taasisi jirani iliyo tayari kubadilishana wakaguzi, au bajeti ndogo ya kuajiri mtu wa nje kwa kazi moja, anaweza kukubali. Yasipokuwepo, apunguze ushauri hadi kiwango kisichoacha mkono wake ndani ya kitu. Kuendesha mafunzo kuhusu dalili za udanganyifu kunaacha alama kidogo. Kueleza makosa yaliyoonekana kwenye kaguzi zilizopita kunaacha alama kidogo. Kupitia rasimu kifungu kwa kifungu kunaacha alama kubwa, na kuchora utaratibu mwenyewe kunaacha alama isiyofutika.

Ikibidi kabisa akague alichokishauri, kwa kuwa hakuna mwingine na jambo haliwezi kusubiri, basi aseme. Aandike kwenye ukurasa wa kwanza wa taarifa, kwa lugha ambayo diwani au mjumbe wa bodi ataielewa, kwamba alishauri juu ya sehemu zipi, lini, na kwamba hitimisho kuhusu sehemu hizo lisomwe kwa tahadhari. Kusema huko hakumrudishii jicho jipya, wala asidhani kumetibu tatizo. Kunampa msomaji haki ya kupima uzito wa anachokisoma, na kunaipa bodi sababu ya kutafuta mtu mwingine mara inapopata uwezo.

Mzigo huu hauwezi kubebwa na mkaguzi peke yake, kwa sababu anayemwomba ushauri mara nyingi ndiye anayesaini likizo yake na safari zake. Mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi ana njia rahisi ya kumsaidia. Kila robo ya mwaka aombe orodha ya kazi zote za ushauri, ikiwa na hadidu za rejea za kila moja, jina la aliyeamua mwishoni, na jina la atakayekagua. Mahali ambapo jina la mwamuzi na la mshauri ni moja, arudishe uamuzi kwa menejimenti kabla mfumo haujaanza kufanya kazi. Mahali ambapo safu ya atakayekagua iko wazi, asipokee taarifa yoyote ya uhakikisho juu ya jambo hilo mpaka jina jingine litakapoandikwa pale.